Lile Tamasha la Mwaka Jana Liliishia Wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Migato, wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Asubuhi moja nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza maandazi na chai pale senta. Ndiye aliyetupikia chai siku zote mbili za tamasha letu, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili. Akanimiminia chai, akaniangalia, kisha akauliza: "Mwanangu, hili la mwaka huu nimelisikia. Lakini lile la mwaka jana liliishia wapi? Lile lilikuwa zuri zaidi."

Nikamwambia, "Mama, ndilo lilelile."

Akacheka. "Usinidanganye. Lile lilikuwa la miti."

Nilikunywa ile chai kwa aibu, maana aliyeandika jina kwenye bango la mwaka wa kwanza ni mimi, na aliyeandika la mwaka wa pili ni mimi pia. Nasoma ualimu, nafundishwa kila wiki kwamba mwanafunzi asipoelewa mwalimu ajiulize kwanza yeye. Basi nimejiuliza, na nilichokipata nakileta kwenu. Kwa sababu najua humu chuoni wapo wengi ambao likizo ikifika wanarudi kwao na wazo la "tuanzishe tamasha la utamaduni," na wengi mtafanya kosa lilelile tulilolifanya sisi.

Kosa lenyewe ni hili: tuliligeuza ujumbe wa mwaka kuwa jina la tamasha.

Mwaka wa kwanza kamati ilitaka kuzungumzia ukataji miti. Wazo zuri, maana kwetu miti inazidi kupungua. Tukaketi tukatunga sentensi ya maneno tisa kuhusu mazingira na utamaduni, tukaiandika kwa herufi kubwa juu ya bango. Hilo ndilo likawa jina. Vikundi vya ngoma vikaja, kwaya zikaja, watoto wa shule wakaigiza, watu wakajaa. Mwaka wa pili tukasema sasa tuzungumzie elimu ya mtoto wa kike. Tukatunga sentensi nyingine, ya maneno kumi na moja safari hii, tukaiandika juu ya bango jipya. Uwanja uleule, kamati ileile, vikundi vilevile. Lakini kwa mtu yeyote aliyesoma mabango yale mawili, hayo yalikuwa matukio mawili tofauti yasiyojuana.

Mtu atasema, sasa tatizo liko wapi? Si watu walikuja? Ngoja nieleze hasara moja moja, maana hazikuonekana siku ya tamasha. Zilionekana tulipoanza kuandaa la tatu.

Kwanza, barua za udhamini. Tulimwendea mfanyabiashara mmoja wa pamba, tukampa barua inayosema tunaomba kuungwa mkono kwa mara ya tatu mfululizo. Akauliza ushahidi. Tukampa picha za mwaka wa kwanza, bango linasomeka vingine. Tukampa za mwaka wa pili, bango linasomeka vingine tena. Na barua yenyewe ilikuwa na jina la tatu. Yule mzee hakuwa na ubaya wowote, alisema tu kwamba anaona matukio matatu ya mara moja moja, na yeye pesa yake huiweka kwenye kitu chenye mizizi. Tulikuwa na mizizi ya miaka miwili ila hatukuwa na namna ya kuionyesha.

Pili, vifaa. Fulana zilizobaki mwaka wa kwanza hazikuvalika mwaka wa pili. Bango halikutumika tena. Hata cheti tulichowapa washindi wa ngoma kilikuwa na sentensi ndefu ambayo mshindi mwenyewe hakuweza kuitaja alipoulizwa ameshinda nini. Alisema, "Nilishinda kule Migato." Hilo jibu lake likumbukeni, nitalirudia.

Tatu, mtandaoni. Kijana wetu wa picha alifungua ukurasa kwa jina la ujumbe wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akafungua mwingine. Wafuasi wa kwanza wakabaki kwenye nyumba isiyo na mtu.

Sasa, tamasha linaloheshimu watu wake huwa na vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina kazi yake. Kuna jina, ambalo linasema hiki ni kitu gani na cha nani. Kuna mwaka, unaosema hii ni mara ipi. Na kuna kaulimbiu, inayosema safari hii tunazungumza nini. Jina halibadiliki. Mwaka unabadilika wenyewe. Kaulimbiu inabadilishwa na kamati. Ukivichanganya hivi vitatu kwenye sentensi moja, basi kila Januari unalazimika kuzaa mtoto mpya wakati yule wa mwaka jana bado ananyonya.

Wala sisemi jambo geni. Chukueni Mbio za Mwenge, ambazo kila mmoja wetu alizikimbilia barabarani akiwa na sare za shule ya msingi. Zimekuwepo tangu mwaka 1964, na kila mwaka zina ujumbe wake. Mwaka 2021 ujumbe ulihusu TEHAMA. Mwaka 2022 ulihusu sensa, kwa kuwa ndio mwaka tuliohesabiwa. Je, kuna mtu aliyesema "kesho zinapita Mbio za Sensa"? Hakuna. Watu walisema Mwenge, na ndani ya Mwenge wakaambiwa habari ya sensa. Ujumbe ulibebwa na jina ambalo tayari lilikuwa na watu wake. Kama kila mwaka wangeanza na jina jipya, ingebidi kwanza waeleze hicho kitu ni nini, kisha ndipo waeleze sensa.

Au chukueni burudani. Fiesta imewahi kuwa Serengeti Fiesta, ikawa Tigo Fiesta. Mdhamini anakaa mbele, anakuja na kuondoka. Nyuma inakaa kauli ya msimu, kama ile ya "Vibe Kama Lote" ya 2018. Katikati neno Fiesta halisogei. Walioipanga wanajua kabisa kwamba mdhamini ataondoka siku moja na kauli ya msimu itachuja, kwa hiyo wameacha neno moja ambalo halimtegemei yeyote.

Lakini mfano ulionifungua macho ni wa kwetu sisi Wasukuma: Bulabo.

Kwa ambao hawajawahi kufika, Bulabo hufanyika Bujora, Kisesa, wilaya ya Magu, mahali palipo na Makumbusho ya Wasukuma. Ilianza miaka ya 1950 wakati wa Padre David Clement, mmisionari wa White Fathers aliyejenga parokia pale. Katika Kisukuma, bulabo ni maua. Jina limetokana na sikukuu ya Ekaristi, ile ya Mwili na Damu ya Kristo, ambapo waumini hufanya maandamano yenye maua. Ngoma za Wasukuma zikaunganishwa na sikukuu hiyo, na mashindano ya Wagika na Wagalu yakapata uwanja.

Angalieni jinsi jina hilo lilivyofanya kazi. Kwanza ni neno moja, na mtoto wa darasa la kwanza analitamka. Pili, halisemi ujumbe wowote. Maua hayakuambii uchague kiongozi gani wala upande mti gani. Kwa hiyo kila kizazi kinaweza kuweka chochote ndani yake. Leo mtu anakwenda Bulabo kuangalia bugobogobo, mwingine anakwenda kuwaona wachezaji wa nyoka, mwingine kuuza soda. Wengi wao hawafikirii maua hata kidogo, na jina halijaumia. Tatu, tarehe yake inahama. Sikukuu ile inaifuata Pasaka, Alhamisi ya siku ya sitini, au kwa sehemu nyingi Jumapili inayofuata, kwa hiyo mara nyingi huangukia Juni lakini si siku ileile. Jina lingekuwa la tarehe lingekwishavunjika. Kwa kuwa ni maua, linahama na sikukuu bila shida.

Na kuna jambo jingine la Bujora ambalo naliona kama somo la majina. Mashindano ya Wagika na Wagalu hayana jaji mwenye kalamu kama ya kwenye televisheni. Kundi la huku linacheza na la kule linacheza, muda uleule, na watazamaji wanakimbilia linalowavuta. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Jina la tamasha nalo huhukumiwa hivyohivyo. Kamati inaweza kuandika inachotaka kwenye bango, lakini watu watakimbilia neno wanaloweza kulisema. Lile ndilo litashinda.

Mfano wa pili wa kujifunza uko Unguja. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004, na kila Februari Mji Mkongwe unajaa wageni kwa ajili yake. Jina ni lilelile, na kila mwaka kuna kaulimbiu. Ya 2023 ilikuwa "Tofauti Zetu, Utajiri Wetu." Lakini ninachotaka mkione ni mwaka 2016. Mwaka ule tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Lilirudi Februari 2017 kwa jina lake. Mashabiki hawakuhitaji kuelezwa ni kitu gani kinachorudi. Sasa fikirini tamasha letu la Migato likose mwaka mmoja, kitu ambacho kwa uchumi wa pamba kinaweza kutokea wakati wowote. Lingerudi kwa jina gani? Kwa miti? Kwa mtoto wa kike? Jina la kudumu haliwezi kukupa fedha, na hilo nakiri wazi kabisa. Ila linakuwekea nafasi yako kwenye vichwa vya watu mpaka utakapopata fedha.

Hapa rafiki yangu mmoja wa Bariadi tunayekaa naye hosteli huwa ananikatiza. Anasema, "Wewe unataka kuua kaulimbiu. Jina lilelile kila mwaka watu watachoka." Hapana, ndugu yangu. Ninataka kuipa kaulimbiu kazi halisi. Kaulimbiu yetu ya miti ilikuwa kubwa sana kwenye bango, lakini uwanjani haikuwa na kitu. Hakuna mti uliopandwa, hakuna mzee aliyesimulia miti ya dawa, ngoma zilikuwa zilezile za kawaida. Ilikuwa jina tu. Tulipoipandisha cheo ikawa jina, tuliona tumeshamaliza kazi.

Kaulimbiu ikikaa mahali pake, inalazimika kujibu swali: mwaka huu kitabadilika nini uwanjani? Napendekeza kipimo rahisi. Kaulimbiu ikikubaliwa, lazima ibadilishe vitu vitatu: shindano moja, mgeni mmoja na banda moja. Ikishindwa, irudishwe ikatungwe upya.

Tuijaribu hapahapa. Tuseme kaulimbiu ya mwaka fulani ni chakula cha akiba. Kwetu hilo ni jambo zito, kwa sababu mvua zikikata mapema mahindi yanakufa shambani. Shindano: akina mama na akina bibi washindane kuandaa michembe na matobolwa. Kwa wasiojua, michembe ni viazi vitamu vinavyokatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa. Watoto wa siku hizi wengi hawajui tofauti, na waamuzi wawe bibi zetu wenyewe. Mgeni: ofisa kilimo wa kata, aje aongee nusu saa, siyo saa mbili. Banda: vyungu, vilindo na vyombo vya kuhifadhia nafaka, pamoja na mtu wa kueleza. Mwaka unaofuata kaulimbiu inageuka kuwa vitendawili na hadithi, na vitu vyote vitatu vinabadilika. Nani atachoka hapo? Jina limebaki, tamasha ni jipya. Hizo ndizo zinazoleta hamu ya kurudi, kwa sababu mtu anajua anakwenda wapi lakini hajui atakuta nini.

Sasa tuje kwenye swali gumu: jina lenyewe liwe lipi? Kundi letu la WhatsApp la wanafunzi wa Migato lina wiki tatu linabishana, na mapendekezo yamekuwa mengi. Nitayapitia manne, maana kila moja lina somo lake.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kutumia jina la wilaya au mkoa, ili "tuonekane wakubwa." Ndugu zangu, hili la kwetu lina historia. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Migato ilikuwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Kisha Itilima ikakatwa kutoka Bariadi. Yaani wazazi wetu hawajahama hata hatua moja, lakini anwani yao imebadilika mkoa na wilaya. Tamasha lililoanzishwa Migato mwaka 2005 kwa jina la Shinyanga leo lingekuwa linasherehekea mkoa wa watu wengine. Mipaka ya utawala inachorwa upya, na huenda siku moja ikachorwa tena. Migato imebaki Migato. Jina lishike kitu kilicho chini kabisa, kisichohamishwa na tangazo la serikali.

Pendekezo la pili lilikuwa neno mavuno, kwa sababu tamasha linakuja baada ya kuvuna. Linavutia sikioni. Lakini jiulize litasikikaje mwaka ambao hakuna mavuno. Utamwalika mtu aliyepoteza ekari tano za mahindi aje kwenye sherehe ya mavuno? Jina la kudumu lazima liwe kweli hata mwaka mbaya. Mavuno inaweza kuwa kaulimbiu nzuri sana mwaka wa neema, na hapo ndipo mahali pake.

Pendekezo la tatu lilikuwa tarehe, kwa kuiga Sabasaba na Nanenane. Hoja ilikuwa na nguvu kwa sababu sisi watu wa Simiyu tuliyaona maonesho ya Nanenane kitaifa pale Nyakabindi, Bariadi, miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Na ni kweli kwamba Sabasaba ni jina imara. Ilitokana na Julai 7, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na leo maonesho ya biashara ya kimataifa ya Dar es Salaam, pamoja na jina lake rasmi refu, watu wanayaita Sabasaba tu. Lakini tarehe hizo zinalindwa na sikukuu za taifa. Sisi tarehe yetu hailindwi na mtu. Tunategemea pamba imeuzwa lini na watu wamelipwa lini, na shule na vyuo vimefungwa lini. Mwaka wa kwanza tulifanya Julai, mwaka wa pili tukasogeza Agosti kwa sababu malipo ya pamba yalichelewa. Ukijifunga kwenye tarehe usiyoweza kuilinda, jina litakusuta.

Pendekezo la nne lilitoka kwa vijana wa picha na muziki: tuweke neno la Kiingereza ili livutie watu wa mjini. Sina ugomvi na Kiingereza, ninakifundisha. Ila naomba tufanye jaribio moja. Simama stendi ya Bariadi, muulize bodaboda nauli ya kwenda mahali hapo kwa jina hilo. Akiuliza mara ya pili "wapi?", jina limefeli. Watu wa mjini walijifunza kusema Bulabo, na Busara wamejifunza. Watajifunza na la kwetu.

Tukiwa tumekwama hapo nilimpigia simu babu yangu, ambaye ujanani alikuwa mchezaji wa Wagalu. Nikamwamkia, nikamweleza mabishano yetu yote, nikamsomea orodha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mjukuu wangu, ninyi mnatafuta jina, wakati watu walishalitoa. Wewe hujasikia wanavyosema? Wanasema mbina ya Migato."

Nikakaa kimya. Mbina kwa Kisukuma ni ngoma. Na ni kweli, ndivyo walivyosema watu wote. Hawakusema sentensi ya maneno tisa, wala kumi na moja. Nikamkumbuka na yule mshindi wetu: "Nilishinda kule Migato." Uwanja ulishahukumu, kama Bujora. Sisi tulikuwa bado tunahesabu maneno.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao nitausimamia kwenye kikao cha kamati, ni Mbina ya Migato. Maneno mawili yenye uzito na "ya" katikati. Linasema kitu na mahali. Halisemi ujumbe, halisemi tarehe, halisemi wilaya. Linabaki kweli mwaka wa njaa na mwaka wa neema.

Lakini sitaki kuwadanganya kwamba halina kikwazo. Lina kimoja kikubwa. Kwetu ngoma za Wagika na Wagalu zina sifa ya dawa. Kila upande unaamini mwenzake hakuja mikono mitupu. Kwa sababu hiyo wapo waumini wa makanisa kadhaa ambao wakisikia neno mbina wanaona uganga, na mwalimu mmoja wa kwaya aliniambia wazi kwamba jina hilo likipita, nusu ya waimbaji wake hawatakuja. Huyu si mtu wa kupuuzwa. Kwaya zake zilikuja miaka yote miwili, na zikaleta wazazi wengi kuliko kundi jingine lolote.

Nimelifikiria hili kwa siku nyingi. Jibu langu ni kwamba shaka yake ni kuhusu kilicho ndani ya uwanja, na kilicho ndani ya uwanja tunaweza kukipanga. Bulabo inatuonyesha upande wa pili wa shilingi: jina lililotoka kanisani, na wacheza ngoma wakaliita lao. Haikuwa kwa sababu walihubiriwa neno maua, bali kwa sababu walipewa uwanja ndani yake, mwaka baada ya mwaka. Basi na sisi tuwape kwaya nafasi ya kudumu kwenye ratiba, saa inayojulikana, jukwaa linalojulikana, iandikwe kwenye katiba ya kamati ili asije mwenyekiti mwingine akaifuta. Nilipomweleza hivyo yule mwalimu, hakusema ndiyo. Alisema, "Nionyeshe ratiba kwanza." Ni haki yake. Na kama kikao kikiona kwamba hilo halitoshi, nitakubali jina jingine lililo fupi na la mahali palepale, kuliko kushinda kwa jina linalogawa kijiji. Nisichokubali ni kurudi kwenye sentensi ya kila mwaka.

Likishachaguliwa, kuna mambo machache ya kufanya mara moja, kabla hamasa haijapoa. Bango liandikwe kwa ngazi: jina juu kwa herufi kubwa kuliko zote, mwaka pembeni yake, kaulimbiu chini kwa herufi ndogo zaidi. Jina lichorwe na mtu mmoja, na mchoro huo utumike kila mwaka. Kaulimbiu ichapwe kwenye kitambaa tofauti kinachofungwa chini ya bango kubwa, ili mwakani ubadilishe kipande kidogo tu. Ukurasa wa mtandaoni uwe mmoja, na usiwe na mwaka ndani ya jina lake. Mdhamini akija, aandikwe kama mdhamini. Asipewe kuingia ndani ya jina, maana akiondoka ataondoka nalo. Na tuhesabu kwa mwaka badala ya "tamasha la tano," kwa sababu ukikosa mwaka mmoja hesabu inaleta ubishi.

Kisha tulilinde. Jina liandikwe kwenye katiba ya kamati, na kifungu kiseme haliwezi kubadilishwa isipokuwa kwa theluthi mbili ya wajumbe katika vikao viwili tofauti. Mambo yakikua, kuna usajili wa alama ya huduma BRELA, ambao unadumu miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Shughuli za burudani na utamaduni zinaangukia daraja la 41. Wanaosoma sheria mnaweza kutusaidia hapo, kwa sababu jina linaloeleza tu kitu na mahali linaweza kupata pingamizi, na pengine tutasajili jina pamoja na mchoro wake.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani. Bumu likiwa limeisha au halijaisha, nitapanda basi. Nimeshaandaa bango la mfano kwenye karatasi ya manila: Mbina ya Migato, mwaka, na chini nafasi tupu ya kaulimbiu, ambayo nimeiacha makusudi ijazwe na kikao. Nitapita kwanza kwa mama wa maandazi nimwonyeshe, kabla ya mwenyekiti. Akilisoma na kusema "kumbe ni lilelile," nitajua kazi imeanza.